Fuso za matoke zinarudi Mbarara tupu, ila sio tupu vile unavyodhani

Kama unataka kuona pesa inapita barabarani bila mwenyewe, nenda ukae Lukaya, kama kilomita 100 toka Kampala kwenye barabara ya Masaka, keti pale wanapochoma kuku, agiza soda, uanze kuhesabu kuanzia saa saba mchana mpaka jioni. Zinazotoka Kampala kuelekea magharibi utaona Fuso nyingi body wazi, majani ya mgomba bado yamenasa kwenye mbao, tanboi amelala nyuma juu ya turubai. Hizo zilileta matoke usiku, zimeuza alfajiri, sasa zinarudi Isingiro, Mbarara na Bushenyi kubeba tena. Kilomita zaidi ya 270 ndani hamna kitu.

Na siku hiyohiyo pale Kikuubo, kwenye maduka ya jumla ya Kampala, kuna mama mwenye duka Mbarara anagombana na watu wa gari kuhusu nauli ya kupeleka sabuni, makarai na magodoro kulekule Mbarara.

Kila mtu akiona hii kitu mara ya kwanza anafikiri ameokota dhahabu. Mimi pia nilifikiri hivo, na ndio maana naandika, maana nimepoteza pesa yangu hapo kabla sijaelewa. Nilichojifunza ni kwamba kitu kikikaa bila kazi kwa muda mrefu mbele ya macho ya watu wote, kuna sababu inakizuia, na biashara yenyewe iko ndani ya ile sababu. Lori tupu kila mtu analiona. Sababu ya kuwa tupu ndio watu hawaulizi.

Kwanza kuhesabu kwenyewe kuna ujanja wake. Usihesabu gari tupu kwa kuangalia juu tu kama lina turubai ama halina, kuna wengine wanaweka vitu vizito chini kidogo tu, hautaviona. Angalia springi. Gari tupu springi zimenyooka, body linarukaruka kwenye matuta na lina kelele, gari lenye mzigo limekaa chini na linapanda tuta polepole. Pia usihesabu siku moja. Mimi nilihesabu jumatatu moja nikatoka na namba nzuri sana kichwani, kumbe ijumaa ni hadithi ingine, na msimu matoke yakiwa kidogo shambani ni hadithi ya tatu kabisa. Nitarudi kwa hiyo ya msimu.

Sasa hesabu yenyewe. Hizi namba ni za mfano, weka zako, lakini zinafanana na zile tulikuwa tunapiga na madereva. Tuseme dizeli ni shilingi 5,000 lita. Fuso tupu inaenda kama kilomita 5 kwa lita, kwahiyo kurudi Mbarara ni lita 54, shilingi 270,000, na hii pesa mwenye gari anaitoa apende asipende, awe na mzigo asiwe nao. Ukimpakia inashuka mpaka kilomita 4 kwa lita, inakuwa lita 67 na nusu, kama 340,000. Tofauti ni elfu 70 tu! Ongeza vijana wa kupakia na kushusha, tuseme elfu 80 pande zote mbili. Yaani kubeba mzigo mzima kurudi nao kunamuongezea gharama 150,000, na kukodi gari kamili toka Kampala mpaka Mbarara tuseme ni milioni 1. Hapo katikati kuna 850,000 imelala.

Hapo ndipo mimi nilisimama kupiga hesabu, nikafungua group ya WhatsApp.

Nilienda soko la Kalerwe pale Kampala alfajiri nikachukua namba za simu za Fuso nne, nikaongea na wenye maduka watano wa Mbarara wanaonunua Kikuubo, nikawaambia nitawapelekea mzigo kwa nusu bei. Wote wakafurahi. Gari la kwanza lilimaliza kushusha matoke saa tatu asubuhi, saa nne dereva ananipigia yuko wapi huo mzigo. Mzigo uko Kikuubo na haujakusanywa bado, mteja mmoja anasubiri risiti, mwingine ndio kwanza anapatana bei, halafu Fuso kuingia Kikuubo mchana ni vita, huwezi hata kupinda. Saa kumi jioni ndio mzigo ulikuwa tayari. Dereva alikuwa ameshaondoka saa sita, na alikuwa sawa kabisa. Nikakodi gari ingine kwa bei ya kawaida kwasababu nilishaahidi watu, ile tofauti nikalipa mfukoni.

Baadae yule dereva, mzee mmoja alijifunzia Kiswahili kwenye njia ya Mombasa miaka mingi, alinikalisha chini akaniuliza, "Mwanangu, wewe unajua mimi nakimbilia nini?"

Nikamwambia nyumbani, mzee.

Akacheka. "Nakimbilia kesho."

Akanieleza. Matoke yanakatwa asubuhi, yanapakiwa mchana, gari linaondoka jioni linatembea usiku kwenye ubaridi, linaingia Kampala saa tisa saa kumi alfajiri kabla wanunuzi hawajaja, saa tatu asubuhi limemaliza. Akitoka Kampala kabla ya saa sita au saa saba, anafika jioni, analala, kesho asubuhi yuko kwenye shamba anapakia tena. Hivo anaweza kupiga safari tatu kwa wiki. Akisubiri mzigo mpaka jioni, anafika usiku wa manane, maduka ya Mbarara yamefungwa, anashusha kesho yake saa tatu mpaka saa tano, na matoke ya siku hiyo yameshaenda na gari ya mwingine. Safari tatu zinakuwa mbili.

Basi rudi kwenye hesabu. Tuseme kila safari ya matoke inamuachia mwenye gari 450,000. Safari tatu ni 1,350,000 kwa wiki. Sasa mimi namletea mzigo wa kurudi kwa 400,000, toa ile 150,000 ya mafuta na vijana, inabaki 250,000. Lakini kwa kunisubiri anapiga safari mbili, kila moja 450,000 na 250,000, jumla 1,400,000. Yaani amehangaika wiki nzima, amegombana na wenye maduka, amechelewa kulala, ili aongeze elfu 50. Hakuna mtu mwenye akili atakubali hiyo, na hawakukubali. Mimi nilikuwa naangalia mafuta, wao walikuwa wanaangalia saa.

Hii ndio sehemu naona watu wengi wanaochambua biashara za hivi wanairuka. Wanaona gari liko tupu wanasema gharama yake ni karibu na sifuri. Gari liko tupu ndio, lakini halijakaa. Liko kazini, linawahi. Ule utupu ni sehemu ya biashara ya matoke kama vile mfuko wa mama wa sokoni unavyoenda sokoni mtupu, huwezi kumwambia akubebee kwanza mawe.

Halafu kuna kitu cha pili ambacho nilikuja kukijua kwa aibu. Nilikuwa naongea na wenye magari, maana gari ni lao si ndio? Kumbe safari ya kurudi ina mwenyewe mwingine. Dereva na tanboi wanabeba abiria wawili watatu mbele, wanabeba friji ya mtu, pikipiki iliyoharibika, mbao, kitanda cha mwanafunzi, na hiyo pesa ni yao. Bosi anajua lakini ananyamaza, kwasababu mshahara anaowalipa ni mdogo na wote wanaelewana bila kuandika popote. Sasa wewe unaenda kwa bosi unamwambia nitakujazia gari kurudi, bosi anafurahi, dereva anaona umekuja kumnyang'anya ugali. Utashangaa gari limeharibika Kyengera, mara tairi, mara simu imezima. Sio kwamba ni watu wabaya, umewaibia tu bila kujua.

Kwahiyo dereva lazima alipwe wazi, na alipwe zaidi ya alichokuwa anapata kwa vitu vya pembeni. Tuseme elfu 80. Weka hiyo kwenye hesabu ya juu uone kinachotokea: ile 250,000 inakuwa 170,000, safari mbili zinatoa 1,240,000, na sasa mwenye gari anapata hasara ya elfu 110 kwa wiki ukilinganisha na kurudi tupu safari tatu. Hasara kabisa! Ndio maana magari yanarudi tupu, na wenye magari wana hesabu nzuri kuliko sisi tuliokaa na soda Lukaya.

Lakini angalia nini kinatokea ukiondoa kusubiri peke yake. Gari lile lile, mzigo ule ule wa 400,000, dereva amelipwa elfu 80 yake, ila linapakiwa kwa saa moja na kufika Mbarara linashusha mara moja jioni hiyohiyo. Safari zinabaki tatu. Tatu mara 620,000 ni 1,860,000. Kutoka 1,240,000 mpaka 1,860,000, yote imetoka kwenye masaa ya kusubiri. Mafuta hayajabadilika, gari halijabadilika, nauli haijabadilika. Basi kinachokosekana kwenye hii njia ni mahali ambapo mzigo umeshalala tayari tangu jana yake. Magari hayajawahi kukosekana.

Mahali penyewe ramani inakuambia. Fuso ikitoka Kalerwe inaingia Northern Bypass pale pale, inazunguka inatokea Busega ndio inashika barabara ya Masaka. Na zinazouza Nakawa pia nyingi zinapita bypass kukwepa jam ya mjini. Kwahiyo stoo ikiwa Busega, au mbele kidogo upande wa Kyengera, gari halipotezi njia hata kilomita moja. Mzigo unatoka Kikuubo jioni na usiku kwa magari madogo, yale yanayoweza kuingia kule, unalala stoo, unaandikwa, asubuhi Fuso inapita inapakia saa nne inaondoka saa tano. Na upande wa Mbarara lazima kuwe na stoo ya pili, hii watu wanaisahau. Ukimwambia dereva apeleke mzigo duka kwa duka kwenye maduka saba, ile saa uliyookoa Busega ameimaliza kule akitafuta mwenye ufunguo. Anashusha pamoja mahali pamoja, wenye maduka wanakuja kuchukua asubuhi na bodaboda au pikapu.

Stoo hizo mbili tuseme kodi 1,600,000 kwa mwezi, walinzi na watu wa kuandika 1,400,000, jumla milioni 3. Ukichukua 150,000 kwa kila gari, gari 20 kwa mwezi zinalipa gharama, hata moja kwa siku haifiki. Mwenye mzigo analipa 550,000 kwa gari zima, gari 400,000 na stoo 150,000, badala ya milioni. Hapo bado hujaweka gari dogo la kutoa Kikuubo na bado hujaweka vitu kupotea, kwahiyo weka gari 30 ndio uanze kupumua.

Ona basi kilichotokea: nilianza na wazo la magari nikaishia na wazo la nyumba ya kuhifadhi katoni. Binafsi naona ndio dalili kwamba umefika chini. Kama wazo lako bado linazungumzia kile kitu kilichokaa tupu, bado hujauliza maswali ya kutosha. Marekani kulikuwa na kampuni inaitwa Convoy, ilikuwa inakutanisha malori na mizigo kwa simu, wawekezaji wakubwa, pesa nyingi, ikafunga Oktoba 2023 soko la usafirishaji liliposhuka. Kukutanisha namba mbili za simu ni rahisi, hata mimi niliweza.

Sasa mzigo gani. Hapa tena sio kila kitu. Utomvu wa matoke ukigusa katoni au kitambaa unageuka kahawia nyeusi na hautoki, mimi nililipa katoni za madaftari ambazo mteja alikataa kuzipokea zimepigwa madoa pembeni, ndani madaftari mazima kabisa lakini nani atanunua. Body limelowa, lina majani, lina harufu. Unga wa ngano, chumvi na sukari achana navyo, hata ukitandika turubai mbili mvua ikikukuta Mpigi utalia. Magodoro sawa kama yana nailoni na umetandika chini vizuri. Vitu vizuri ni vya plastiki, makarai, madumu, viti, halafu mabati, misumari, masufuria, sabuni za katoni ukiwa umefagia na kutandika. Pia uliza kama kitu hicho kweli kinatoka Kampala. Nilitaka kujaza na soda nikaambiwa kuna kiwanda Mbarara, bia pia kiwanda kiko Mbarara, na simenti inaingia toka Hima upande wa Kasese. Kwahiyo nusu ya vitu vizito nilivyokuwa navyo kwenye daftari haviendi njia hiyo hata siku moja.

Na msimu, nilisema nitarudi. Gari tupu la kurudi ni kama makapi ya biashara ya matoke, linatokea kwasababu matoke yamekuja. Huwezi kuliagiza. Jua likipiga sana Isingiro na mikungu ikawa michache, magari yanapungua, na mwenye duka hajali habari za jua, shule zinafunguliwa mwezi wa pili na anataka magodoro na masanduku yake sasa hivi. Wiki hiyo stoo yako imejaa na gari hakuna. Lazima uwe na makubaliano na gari mbili tatu za kawaida ambazo utazilipa bei kamili na kula hasara, na hiyo hasara iwe tayari ndani ya bei ya wiki zingine. Aliyeweka bei kwa kuangalia wiki nzuri tu atafunga mwezi wa pili. Kinyume chake pia kipo, matoke yakiwa mengi mpaka bei imeanguka, magari yanajaa Kalerwe na madereva wanakuja wenyewe kukubembeleza wabebe kwa 300,000. Mimi ningewaambia hapana, chukua 400,000 yako ile ile, kwasababu nakuhitaji februari.

Kuna jamaa aliniuliza kama hii akili inafanya kazi kwenye vyumba na mashamba. Kidogo. Hosteli za Kikoni pale karibu na Makerere zinakuwa tupu wanafunzi wakienda likizo, unaona vyumba kibao, lakini vitanda vyenyewe, masanduku na magodoro ya wanafunzi wengi yanabaki mle ndani wakiwa kijijini, na anayetaka chumba wiki mbili hataki kulala na sanduku la mtu. Swali ni stoo tena! Ardhi ndio ngumu kuliko zote. Ukiona ekari za mailo, ile ardhi ya hati ya Buganda, zimeota nyasi huko Mpigi au Luwero usiseme zimelala. Mara nyingi mwenye hati ni mmoja, mwenye kibanja, yaani anayekaa na kulima pale, ni mwingine, wote wana haki kwa sheria ya ardhi ya 1998, na yeyote kati yao akikukodisha peke yake umenunua kesi. Zile nyasi ni za ugomvi. Ningekuwa naenda huko ningeanza na mtu wa kuandika makubaliano ya watu watatu, jembe baadae.

Yule mzee bado ananipigia. Juzi aliniuliza ile stoo nimefungua au bado, nikamwambia bado natafuta wa kushirikiana naye upande wa Mbarara, maana huko ndio sina mtu wa kushika ufunguo saa mbili usiku. Akasema shemeji yake ana nyumba Ruti pembeni ya barabara, vyumba viwili vya mbele havina mtu. Nikamuuliza mzee, mbona havina mtu? Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Paa linavuja."